Nembo Iliyoliwa na Mchwa

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha wavuvi kilichobakiwa na karatasi moja tu yenye nembo yake ya zamani. Kibao kilichotumika kuichapa kilishapotea, aliyeichora hajulikani, na karatasi yenyewe imekaa kabatini miaka mingi hadi mchwa wakaifikia kabla ya katibu mpya. Sasa chama kinataka bango la mita tatu, fulana na muhuri, na mtu wa steshenari amewaambia ukweli: picha ya simu ya hiyo karatasi haitafaa kitu.

Nembo yenyewe si ngumu. Ina upana wa milimita 30. Nje kuna pete, ndani ya pete kuna ua la petali nane zenye ncha, linalofanana na maua yanayochongwa kwenye milango ya Unguja na Lamu, na katikati ya ua kuna duara dogo lenye jahazi lililotweka tanga. Mchwa wamekula upande wa juu kulia. Ukiitazama nembo kama uso wa saa, kipande kilichokosekana kinaanzia baada kidogo ya namba 12 na kuishia kabla ya namba 3. Petali ya pili haipo kabisa. Petali ya kwanza na ya tatu zimelambwa pembeni, ila ncha zake zimepona. Pete imekatika kwa nyuzi 65 hivi, na tundu limeingia hadi kwenye duara la katikati likaondoka na ncha ya juu ya foromali, ule mti unaobeba tanga.

Wengi hufikiri kazi hapa ni kuziba tundu: unakata petali iliyo nzima, unaibandika penye pengo, unafuta mshono, umemaliza. Fundi anayeijua kazi hazibi kitu. Anaichora nembo nzima upya, pamoja na sehemu ambazo hazikuharibika, na ile karatasi anaitumia kama shahidi wa kumweleza mchoraji wa kwanza alikusudia nini. Sababu ni kwamba hata petali zilizosalimika si safi. Wino umetambaa kwenye nyuzi za karatasi, kingo zimekuwa na manyoya, na petali moja ni nene kuliko jirani yake kwa sababu tu kibao kiligandamizwa zaidi upande ule. Ukinakili petali hiyo penye pengo umenakili na ugonjwa wake.

Kwanza karatasi iingie kwenye skana, si kwenye kamera ya simu. Kwa kipimo cha doti 600 kwa inchi, nembo ya milimita 30 hutoka na upana wa pikseli 709 hivi, maana yake kila pikseli moja ni kama milimita 0.04 ya karatasi. Hiyo inatosha kabisa kwa kupima. Haitoshi kwa kuchapa: ukizivuta pikseli hizo 709 zijaze bango la mita tatu, kila moja inakuwa kijiraba cha zaidi ya milimita 4, na ukingo wa pete unaonekana kama ngazi. Ndiyo maana tunataka mchoro wa vekta, ambao hauhifadhi pikseli bali huhifadhi maelezo ya umbo: kituo kiko hapa, nusu kipenyo ni kiasi hiki, mstari unapinda hivi. Maelezo hayo hayajali kama unachapa kifungo au ukuta.

Kamera ya simu ina kosa jingine. Ukiishika imeinama kidogo tu, duara linageuka yai, na kila kipimo utakachochukua baadaye kimeshapotoka. Hata picha iliyotoka kwenye skana ipimwe upana na kimo kabla ya kuiamini. Katika mfano wetu ncha zote nne za duara, ya juu, ya chini, ya kushoto na ya kulia, zimesalimika, kwa hiyo kipimo kinawezekana: pikseli 709 kwa 708. Sawa. Kama ingekuwa 709 kwa 690, basi karatasi hiyo ni nakala ya fotokopi iliyovutwa, na ingebidi inyooshwe kwanza.

Mimi hutumia Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, ila CorelDRAW iliyojaa kwenye maduka yetu ya uchapaji na Illustrator zinafanya mambo hayohayo kwa majina mengine. Fungua ukurasa wa milimita 30 kwa 30. Ingiza picha, ipunguzie uzito hadi iwe kama kivuli, kisha funga tabaka lake kwa kufuli ili lisisogee. Utachora juu yake kwenye tabaka jingine.

Kuna njia ya mkato hapa ambayo humvutia kila anayeanza. Amri ya Trace Bitmap huigeuza picha kuwa vekta kwa kubofya mara moja. Ijaribu uone: pete inarudi na mamia ya nodi, kila unyoya wa wino umekuwa kilima na bonde, na tundu la mchwa limechorwa kwa uaminifu mkubwa. Kompyuta imefuata kilichopo. Wewe unatafuta kisichokuwepo.

Kazi halisi inaanza kwa swali la kituo kiko wapi. Umbo lote hili, ukiondoa jahazi, limezungushwa kwenye nukta moja, na ukiikosea nukta hiyo hakuna kitakachokaa sawa. Njia ya zamani ya wanajiometri bado ndiyo bora. Weka nukta tatu kwenye ukingo wa nje wa pete, zikiwa mbali kadiri inavyowezekana. Unganisha ya kwanza na ya pili kwa mstari, kisha ya pili na ya tatu. Katikati ya kila mstari simamisha mwingine unaoukata kwa pembe mraba. Mistari hiyo miwili ikikutana, hapo ndipo penye kituo cha duara. Njia hii inafanya kazi hata kama imebaki robo tu ya pete, ila hapo nukta zako zitakuwa zimesongamana, na kosa la pikseli moja kwenye ukingo linaweza kuwa kosa la pikseli kadhaa kwenye kituo. Sisi tumebakiwa na nyuzi 295, kwa hiyo hatuna shida.

Usiridhike na ushahidi huo mmoja. Chora mstari kutoka ncha ya petali ya kwanza, iliyo juu kabisa, hadi ncha ya petali ya tano, iliyo chini kabisa. Chora mwingine kutoka ya tatu hadi ya saba. Mistari hiyo nayo inakutana mahali. Kama ni palepale ulipopata kwa njia ya pete, au imepishana kwa pikseli moja, unaweza kupumua: ua na pete vina kituo kimoja. Zikipishana kwa pikseli kumi, mchoraji wa zamani hakuliweka ua katikati ya pete, na itabidi uamue kama unahifadhi kosa lake au unalisahihisha. Mimi ningesahihisha kwenye nembo ya chama kinachofanya kazi, na ningeliacha lilivyo kama mchoro unakwenda makumbusho.

Ule mstari wa juu hadi chini unakupa zawadi nyingine. Kama umeinama, karatasi iliwekwa upande kwenye skana. Mwinamo wa nyuzi moja tu huonekana si kitu, lakini kwenye ukingo wa nembo hii ni kupotoka kwa pikseli 6. Izungushe picha hadi mstari usimame wima, kisha isogeze hadi kituo kikae kwenye milimita 15 kwa 15 ya ukurasa. Sasa una hesabu rahisi, na hesabu rahisi zitakusaidia baadaye.

Kabla ya kuchora petali hata moja, ulinganifu wenyewe ujaribiwe. Hapa ndipo mafundi wenye haraka huumbuka. Nakili ile picha, igeuze kushoto kulia kwa herufi H, iweke juu ya ya kwanza ikiwa na uwazi wa nusu. Kinacholingana hubaki kimetulia, kisicholingana huonekana maradufu kama unatazama ukiwa na homa. Kisha rudisha nakala na sasa izungushe nyuzi 45. Kwa nembo yetu petali zinajibu ndiyo mara zote mbili. Jahazi linajibu hapana mara zote mbili, kama ilivyotarajiwa.

Kuna nembo ambazo jicho huapa kwamba zinalingana na kumbe hazilingani. Ile alama ya mishale mitatu ya kuchakata taka ilichorwa mwaka 1970 na Gary Anderson, aliyekuwa mwanafunzi California, na ilitokana na utepe wa Möbius, ule wenye upande mmoja tu. Katika mchoro wake mishale miwili imekunjwa kwa namna moja na wa tatu kwa namna nyingine. Ukipoteza ule wa tatu ukaamua kuzungusha jirani yake nyuzi 120, umechukua mshale usiofaa, na hata waliobaki hawakukuonya. Utatoa alama nzuri, inayofanana kabisa na nakala nyingi zinazozunguka duniani, na si ile ya Anderson. Michoro ya msuko, ambamo utepe hupita juu halafu chini, ina mtego wa aina hiyohiyo: inakubali kuzungushwa lakini ukiigeuza kama kwenye kioo, aliyekuwa juu anakwenda chini. Na kuna pengo lisilohitaji fundi. Tofaa la Apple, lililobuniwa na Rob Janoff mwaka 1977, limeng'atwa kwa makusudi ili lisidhaniwe kuwa cheri.

Turudi kwa wavuvi. Pete hatuizibi. Tunachora maduara mawili mapya kutoka kwenye kituo, kwa kushika Ctrl na Shift pamoja huku tukivuta kifaa cha duara: la nje lenye nusu kipenyo cha milimita 15, la ndani milimita 13.8, kisha la ndani linakatwa kutoka la nje kwa amri ya Path > Difference. Dakika moja, na zile nyuzi 65 zilizoliwa zimerudi bila mshono wowote, kwa sababu hazikuwahi kukatika katika umbo hili jipya.

Petali inataka subira zaidi. Kila petali ina mhimili wake mwenyewe katikati, upande wa kushoto ni kioo cha upande wa kulia. Kwa hiyo kitu pekee cha kuchora kwa mkono ni nusu ya petali moja, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya ua zima. Nusu ipi? Pima kwanza unene wa petali zote zilizobaki kwenye sehemu yake pana. Vipimo havitafanana. Wastani si mshauri mzuri hapa, kwa sababu wino huwa unatambaa kwenda nje na si kurudi ndani, na petali nene zitauvuta wastani upande wao. Mimi huegemea zile nyembamba zenye ukingo mkali, ambako kibao kiligusa karatasi kwa wepesi.

Ichore ile nusu juu ya petali ya kwanza, iliyosimama wima, upande wake wa kushoto ambao mchwa hawakuufikia. Nodi tatu zinatosha: moja kwenye kitako cha mviringo karibu na duara la katikati, moja kwenye ubavu pale petali ilipo pana kuliko kote, na moja kwenye ncha inayogusa pete. Wanaoanza huweka nodi kumi wakidhani wanaongeza usahihi, na mstari unatoka na vibonge. Uzuri wa mstari uliopinda uko kwenye vishikio, zile fimbo mbili zinazotoka kila nodi na kuuelekeza mstari uondoke kwa upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Hesabu yake ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau wa Citroën aliishughulikia tangu mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault akaifanya ijulikane hadi ikabeba jina lake.

Vishikio viwili ndivyo vya kuangaliwa. Kile cha nodi ya ubavuni kisimame sambamba na mhimili, wima kabisa. Kile cha kitako kilale mlalo kabisa, pembe mraba na mhimili. Hiki cha pili ndicho kinachoamua kama mshono utaonekana. Kikiinuka hata nyuzi tatu, basi nusu ya pili ikija kama kioo, vishikio viwili vitakutana kwa pembe, na kitako cha mviringo kitakuwa na kichuguu au kidimbwi katikati. Hutakiona kwenye skrini kwa ukubwa wa kawaida. Kwenye bango la mita tatu kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Shika Ctrl unapokivuta ili kikae mlalo bila kubahatisha. Kwenye ncha sheria hii haihusiki, kwani ncha ni kona na inatakiwa ikatike.

Halafu zichague nodi za kitako na ncha, na kwenye kisanduku cha X andika 15 kwa mkono. Ziwe juu ya mhimili hasa, si karibu yake. Nakili nusu hiyo kwa Ctrl+D, igeuze kwa H, isogeze hadi nodi za mhimili zilaliane. Ziunganishe pande mbili kwa Path > Combine, kisha chagua kila jozi ya nodi zilizolaliana na uzifunge kwa Shift+J. Ukiruka hatua hii ya mwisho utakuwa na nusu mbili zilizosimama bega kwa bega, na kati yao unywele mweupe utakaojitokeza ukikuza skrini hadi asilimia 800. Mashine ya kukata stika itakuwa mkali zaidi: itaupitisha wembe wake kwenye mstari huo, na petali itabanduka vipande viwili.

Sasa petali moja iwe nane. Ibofye kuichagua, kisha ibofye tena mara moja hadi vitokee vishale vya kuzungusha na alama ndogo ya msalaba. Msalaba huo ndio ekseli. Uvute hadi kwenye kituo cha nembo, milimita 15 kwa 15, kisha kwa kila nakala zungusha nyuzi 45 kutoka dirisha la Transform. Anayependa kuandika faili kwa mkono anaweza kusema jambo hilohilo hivi, na akarudia kwa 90, 135 hadi 315:

```
<use href="#petali" transform="rotate(45 15 15)"/>
```

Watu hujipima hapa kwa kipimo kibovu. Huzungusha mara nane, huona petali ya mwisho imerudi juu ya ya kwanza bila kupishana, na kutangaza kwamba kituo kilikuwa sahihi. Lakini nane mara 45 ni 360, na kitu chochote kikizungushwa nyuzi 360 hurudi kilipotoka, ekseli iwe mahali pake au imepotea kabisa. Kipimo cha kweli kiko kwenye pete. Ekseli ikiwa imehamia kulia kwa nusu milimita, ua zima litaegemea upande mmoja: petali za huko zitaingia ndani ya pete na za upande wa pili zitaacha mwanya. Tembelea ncha zote nane, moja baada ya nyingine, uone kama zinagusa pete kwa namna ileile.

Baada ya hapo rudisha uzito wa picha ya zamani na ulinganishe petali saba na mchoro mpya. Kupishana kwa pikseli moja au mbili ni wino. Kupishana kwa pikseli nane kwenye petali moja tu, huku sita nyingine zikikubali, pengine ni mkono wa mchoraji ulioteleza. Zikipishana zote kwa mwelekeo mmoja, kosa ni lako, na mara nyingi ni ule mwinamo wa skana uliodhani umeuondoa.

Imebaki ile ncha ya foromali, na hapa ulinganifu umemaliza msaada wake. Jahazi halina nusu inayofanana na nyingine. Kuna njia ya kukisia: mti wa foromali ni mstari mrefu wenye mpindo mdogo, ukingo wa nyuma wa tanga ni mstari mwingine, na vyote viwili vilikuwa vikielekeana kabla ya kufika kwenye tundu. Ukiviendeleza vinakutana. Lakini pale vinapokutana ni mwisho wa tanga, na foromali yaweza kuwa ilipitiliza kidogo juu yake, kama zilivyo foromali nyingi. Milimita ngapi? Mchoro hausemi.

Kinachohitajika ni ushahidi mwingine, hata uwe mbaya. Risiti ya zamani yenye muhuri wa chama, nembo ikiwa na upana wa milimita 12 na wino umevuja, haiwezi kutumika kuchora ukingo wowote. Inaweza kujibu swali moja. Ikuze mara mbili na nusu, ifikie milimita 30, ilaze juu ya mchoro kwa kulinganisha pete na petali, na utazame doa la foromali linaishia wapi. Ukipata majibu ya kuaminika kwa nusu milimita, hayo yanatosha. Usipopata risiti, wazee waliovaa fulana za chama hicho wanaweza kukumbuka, ila kumbukumbu ya mtu kuhusu urefu wa mti kwenye mchoro wa kidole kimoja si ya kutegemewa sana, na fundi mwaminifu atasema hivyo.

Kwa sababu hiyo faili la kwanza linalokwenda kwa chama lisiwe la rangi moja. Sehemu zilizofuata alama zinazoonekana kwenye karatasi ziwe nyeusi. Petali ya pili na nyuzi 65 za pete, zilizotokana na ulinganifu, ziwe buluu. Ncha ya foromali, iliyokisiwa, iwe nyekundu. Viongozi wakiikubali nyekundu, rangi zote zinarudi nyeusi, na lile faili la rangi tatu linawekwa pamoja na picha ya skana kwa ajili ya atakayeuliza baadaye.

Halafu muhuri. Nafasi kati ya petali na petali ni milimita 0.4 kwenye nembo ya milimita 30. Muhuri wa upana wa milimita 20 unaishusha hadi chini kidogo ya 0.27, na wino wa pedi utaijaza kabla ya juma kuisha. Ua litageuka bonge jeusi. Hapo inachorwa nembo ya pili kwa ajili ya muhuri peke yake. Petali ileile inapunguzwa mbavu kwa kusogeza nodi ya ubavuni karibu na mhimili, inageuzwa, inafungwa na kuzungushwa tena mara saba, na kamba ndogo za jahazi zinaondolewa zote.